Zuhura na Zoezi la Usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wazazi, walimu na watoto wenyewe wamekuwa wakiniuliza mambo mengi kuhusu hadithi hii fupi niliyoiandikia watoto wa miaka sita hadi kumi. Mengi yanajirudia, kwa hiyo nimeyajibu hapa.

Sijaisoma bado. Inahusu nini?

Zuhura ana miaka tisa. Jioni moja, wakiwa wamekaa pamoja, anauliza: "Moto ukiwaka usiku tumelala, tutatokaje?" Kila mmoja ana jibu lake. Baba anasema mlango wa mbele. Mama anasema mlango wa jikoni, maana ndio anaoutumia siku zote. Bibi anasema atamsubiri mtu aje amshike mkono. Kasim, mdogo wake wa miaka mitano, anasema yeye ataingia uvunguni mwa kitanda, moto haumwoni huko.

Zuhura anachora ramani ya nyumba. Kila chumba anakiwekea mishale miwili, yaani njia mbili za kutokea, kisha nje anachora mti na watu watano wamesimama chini yake. Wazazi wanakubali kufanya zoezi, na wote wanaambiwa kuwa litafanyika usiku mmoja ndani ya wiki hiyo. Hawaambiwi ni usiku gani. Siku ikifika, saa nne na nusu usiku, Mama anamwamsha Zuhura kimyakimya, naye anabonyeza kitufe cha kengele ya moshi kwa mpini wa ufagio. Kuanzia hapo mambo yanaharibika moja baada ya jingine, na huo ndio utamu wa hadithi.

Kwa nini usiku? Si afadhali kufanya mchana, watoto wakiwa macho?

Mchana ndipo pa kuanzia. Katika hadithi, Zuhura anawatembeza wote kwenye njia zao Jumamosi asubuhi, kabla ya usiku wenyewe. Lakini mchana haukuonyeshi kasoro zinazojitokeza usiku. Mchana ufunguo uko mlangoni, usiku uko mfukoni mwa suruali iliyotundikwa chumbani. Mchana Bibi amevaa miwani na viatu vyake, usiku anavipapasa gizani. Mchana Kasim anakimbia wa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Wanadhani moshi ukiingia chumbani watausikia kwa pua na kuamka. Pua hulala pamoja na mwenyewe. Harufu peke yake haiaminiki kumwamsha mtu, na moshi una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humzidishia aliyelala usingizi badala ya kumwamsha. Kwa hiyo tunategemea sauti: kengele, au mtu anayepiga kelele.

Kasim anaendelea kulala kengele ikilia juu ya kichwa chake. Hapo hukutia chumvi?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na kwa kawaida na mzazi ambaye hajajaribu. Sikutia chumvi hata kidogo.

Mtoto mdogo hulala usingizi mzito mno, hasa saa za mwanzo za usiku, ndiyo maana zoezi la hadithi linafanyika saa nne na nusu na si alfajiri. Isitoshe, kengele nyingi za moshi hutoa mlio mwembamba wa juu, na mlio huo hauwaamshi watoto vizuri. Mwaka 2006 watafiti wa hospitali moja ya watoto ya Columbus, Ohio, walichapisha jaribio walilowafanyia watoto 24 wa miaka sita hadi kumi na miwili. Kengele ya kawaida iliwaamsha 14. Kengele iliyorekodiwa sauti ya mama, ikimwita mtoto kwa jina na kumwambia aamke atoke, iliwaamsha 23. Tena walioamshwa na sauti ya mama waliamka upesi, nusu yao ndani ya sekunde 20 hivi, wakati mlio wa kawaida ulichukua dakika kadhaa.

Kwa hiyo usimtie mtoto wako lawama asipoamka, wala usimcheke. Kosa la familia ya Zuhura halikuwa usingizi wa Kasim. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyepangiwa kumwamsha. Hiki ndicho kipande chenyewe:

*Zuhura alihesabu vichwa chini ya mti. Mama, mmoja. Baba, wawili. Bibi, watatu. Yeye mwenyewe, wanne. Akahesabu tena, akianzia kwa Bibi.*

*"Kasim yuko wapi?"*

*Mama alimtazama Baba. "Si umemchukua wewe?"*

*"Mimi nilimshika Bibi mkono," Baba alisema. "Nikajua wewe umemchukua."*

*Ndani ya nyumba kengele iliendelea kulia.*

Nilipoandika rasimu ya kwanza sikuwa na tukio hili. Nililipata nyumbani kwangu, tulipojaribu zoezi ili nijue ninachokiandika. Tulikuwa watu wazima wawili na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyembeba mtoto.

Baba anataka kurudi ndani, Zuhura anamzuia. Mwanangu alilia hapo. Kwa nini Baba asirudi?

Baba anageuka mbio kuelekea mlangoni. Zuhura anasimama mbele yake na kusema, "Baba, humo ndani kuna moshi." Moshi haupo, ni zoezi tu. Lakini Baba anasimama, na ukurasa mzima hakuna anayesema neno.

Nilijua tukio hili litauma. Kanuni ambayo zimamoto wa kila mahali huwafundisha watu ni moja: ukishatoka, umetoka. Mtu akibaki ndani, unawaambia zimamoto ni nani na amelala chumba gani, maana wao wana vifaa vya kupumulia na wewe huna. Mtu mzima anayerudi kwenye moshi mzito anaweza kuzirai kabla hajafika chumbani, na hapo waliopotea ni wawili.

Sasa, mzazi gani atasimama nje mtoto wake yuko ndani? Sidhani kama kuna hadithi itakayomfundisha mzazi hilo, na sikujaribu. Nilichotaka msomaji akione ni kwamba mahali pa kulimaliza suala hili si chini ya mti. Linamalizwa kitandani, kwa kupanga mapema nani anamchukua nani. Ndiyo sababu, ukurasa unaofuata, Zuhura anachukua kalamu na kwenye ramani anavuta mstari kutoka kitanda cha Mama hadi kitanda cha Kasim, na mwingine kutoka kwa Baba hadi kwa Bibi.

Mtoto wako akilia, simama hapo umwoneshe mstari wake yeye unaanzia kwa nani. Kwa uzoefu wangu, hilo humtuliza kuliko kumwambia "ni hadithi tu".

Je, ni haki kumbebesha mtoto wa miaka tisa wajibu wa kuokoa familia?

Si haki, na hadithi haifanyi hivyo. Soma tena uone Zuhura anafanya nini hasa. Anauliza swali, anachora ramani, anabonyeza kitufe, anahesabu watu, anaandika yaliyoharibika. Hambebi mtu, hafungui komeo gumu, haingii chumba cha mwingine kumtafuta mtu. Anaongoza zoezi. Siku ya moto wa kweli, kazi ya mtoto ni moja: kutoka kwa njia yake na kusimama mahali pa kukutana.

Mhariri wangu wa kwanza alitaka Zuhura ambebe Kasim mgongoni kupita kwenye moshi. Nilikataa. Picha ingependeza sana, na kuna mtoto mahali fulani angeikumbuka siku isiyo yenyewe.

Hata hivyo, kumpa mtoto uongozi wa zoezi kuna faida ambayo hotuba ya mzazi haina. Mtoto hana aibu ya kusema ukweli. Baada ya zoezi la kwanza Baba anasema, "Tumejitahidi." Zuhura anasoma simu aliyoitumia kuhesabia muda: "Dakika nne na sekunde kumi, na Kasim hayupo."

Na dakika nne zina ubaya gani? Lengo linatakiwa liwe muda gani?

Lengo wanaloweka Zuhura na Baba ni dakika mbili, tangu kengele ilie hadi wa mwisho afike mtini. Sikulitoa hewani. Mashirika ya usalama wa moto huonya kwamba tangu kengele ianze kulia, unaweza kuwa na dakika mbili tu za kutoka salama, au pungufu ya hapo. Zamani muda ulikuwa mrefu zaidi. Makochi na magodoro ya siku hizi yamejaa sponji na nyuzi za plastiki, ambavyo huwaka haraka na kutoa moshi mweusi mzito.

Tuzipige hesabu zile dakika nne. Bibi alitumia karibu dakika nzima kutafuta miwani na viatu. Mama alikwenda mlango wa jikoni kwa mazoea, akakuta karatasi nyekundu ambayo Zuhura aliibandika pale kumaanisha "upande huu kuna moto", akarudi kwa njia ya mbele. Hapo mlangoni akamkuta Baba na Bibi wamekwama, kwa sababu Baba alikuwa amefika mikono mitupu na ikabidi arudi chumbani kutafuta suruali yenye ufunguo. Ufunguo peke yake ulikula dakika na nusu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalorekebishwa kwa kukimbia. Ufunguo ukapewa msumari wake pembeni mwa mlango, mahali ambapo kila anayeweza kufungua anaufikia gizani, lakini aliye nje hawezi kuuvuta kwa mkono kupitia dirishani. Miwani ya Bibi ikaingia ndani ya kiatu chake, na kiatu kikakaa pale mguu unapotua. Tochi ikawekwa kando ya kila kitanda. Wiki mbili baadaye walitumia dakika moja na sekunde thelathini na tano, na hakuna aliyekimbia.

Kama madirisha yenu yana nondo, ongezeni hili: dirisha lenye nondo zisizofunguka kutokea ndani halihesabiwi kuwa njia ya pili. Zuhura alilifuta kwenye ramani yake, na Baba akamwita fundi.

Kwa nini Zuhura anagusa mlango kwa mgongo wa mkono?

Kabla ya kufungua mlango wa chumba uliofungwa, unaugusa kwanza: ubao wenyewe, kitasa, na ule mwanya wa pembeni. Ukiwa wa moto, usifungue, kwa maana moto uko upande wa pili. Mgongo wa mkono unahisi joto upesi, na ukiungua bado una kiganja kizima cha kushikia na kutambalia. Watoto wanakipenda sana kitendo hiki. Nimeona darasa zima likigusa mlango wa maktaba kwa zamu.

Na kama njia zote mbili zimezibwa? Zuhura anamweleza Kasim kwa ufupi: funga mlango, ziba mwanya wa chini kwa shuka au nguo, nenda dirishani, washa tochi na upunge kitambaa cheupe. Usiingie uvunguni wala kabatini. Hapo Kasim ananuna, kwa sababu uvungu ulikuwa mpango wake tangu mwanzo.

Kwa nini kila anayetoka anafunga mlango nyuma yake? Huko si kupoteza muda?

Kufunga hakuchukui hata sekunde mbili. Mlango uliofungwa, hata ule mwembamba wa mbao, huuzuia moshi na joto kwa dakika kadhaa na huunyima moto hewa. Vyumba viwili vilivyokaa jirani katika nyumba ileile iliyoungua vinaweza kutofautiana kabisa: kilichoachwa wazi kimekuwa masizi, kilichofungwa bado kina rangi ya ukutani.

Ndiyo maana pia familia ya Zuhura hulala na milango ya vyumba imefungwa. Wasomaji kadhaa wamenilalamikia hapa, kwamba mtoto mdogo anaogopa kulala mlango ukiwa umefungwa. Naelewa. Basi funga akishasinzia, na uhakikishe kengele inasikika ndani ya kila chumba. Ile ya ukumbini peke yake inaweza isisikike mlango ukifungwa.

Watambae hata kama hakuna moshi?

Kidogo, ndiyo. Zuhura anawatambaza kwa mikono na magoti kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha wanatembea. Moshi wa moto hupanda darini na kushuka taratibu, kwa hiyo hewa safi zaidi hubaki chini, sentimita 30 hadi 60 kutoka sakafuni. Mtoto aliyeambiwa tu "inama" hupinda shingo akaona ameinama. Aliyewahi kutambaa anajua.

Bibi hatambai katika hadithi, magoti yake hayamruhusu. Anainama kadiri awezavyo huku amemshika Baba kiunoni. Msomaji mmoja aliniandikia kuwa hilo ni kosa. Kwangu mimi, mpango ambao Bibi hawezi kuutekeleza ndio wenye kosa.

Hatuna kengele ya moshi. Tunaweza kutumia hadithi hii?

Mnaweza kufanya zoezi kwa sufuria na mwiko, au kwa kupiga kelele "Moto! Moto! Tokeni!" Ila msijidanganye: sufuria hailii yenyewe watu wote wakiwa wamelala. Kengele ndogo ya betri inatosha kuanzia, ikiwekwa darini au juu ukutani karibu na vyumba vya kulala. Ijaribu kila mwezi kwa kitufe, na ibadilishe yote ikifikisha miaka kumi hata kama bado inalia, kwa kuwa kihisio chake huchoka. Isiwekwe jikoni juu ya jiko. Huko italia kila mnapokaanga, na mwishowe kuna mtu ataitoa betri.

Sisi tunaishi ghorofani. Mti wa kukutania uko wapi?

Chagueni kitu kisichohama: nguzo, geti, ukuta wa jirani. Gari halifai. Kiwe mbele ya jengo, mbali kidogo na ukuta, mahali zimamoto watakapowaona. Shukeni kwa ngazi, kamwe si kwa lifti, na mlango wa nyumba yenu ufungwe nyuma yenu.

Nifanye zoezi bila kuwaambia watoto, ili niwapime kweli?

Mara za kwanza, hapana. Mtoto akikurupushwa kwa king'ora bila kujua chochote, atakachokumbuka ni hofu, wala si njia. Waambie ni wiki hii, kama wazazi wa Zuhura walivyofanya. Wakishazoea, mnaweza kuficha wiki yenyewe. Mara mbili kwa mwaka inatosha, moja ikiwa ya usiku. Wajulisheni majirani pia. Katika rasimu ya tatu nililisahau hilo, na mke wangu akaniuliza ni jirani gani huyo anayesikia "Moto!" saa nne na nusu usiku akaendelea kulala.

Namba ya zimamoto wanapiga saa ngapi?

Wakishakuwa nje, chini ya mti. Si ndani, wala si njiani wakitoka. Katika zoezi Zuhura anajifanya anapiga: anataja mahali nyumba ilipo, kinachowaka, na kama kuna mtu ndani. Mara ya kwanza anasahau kutaja mahali. Watoto wengi husahau, hasa kwa vile hawajawahi kuhitaji kumweleza mtu kwao ni wapi.

Kwa nini hakuna moto wa kweli kwenye hadithi? Ingesisimua zaidi.

Ingesisimua, na mtoto angeisoma mara moja. Hii inasomwa wakati wa kulala. Niliona Kasim aliyesahauliwa anatosha.

Mwanangu anauliza: katika zoezi la pili Kasim aliamka?

Hakuamka. Mama alimwita kwa jina mara mbili, akamtikisa, kisha akambeba begani mpaka mtini. Zuhura akahesabu watano. Baba alipozima kengele na kila mtu akanyamaza, ndipo Kasim akafumbua macho, akatazama majani juu yake na kuuliza nani amekileta kitanda chake nje.